Kuthibitisha uthabiti kwa fanksheni ya nishati: mwongozo kamili kupitia pendulamu yenye msuguano

Chukua pendulamu yenye msuguano kwenye egemeo lake, ivute hadi pembe ya radiani 2, yaani karibu digrii 115, kisha iachie. Itabembea, kila mbembeo utakuwa mdogo kuliko uliotangulia, na mwishowe itatulia ikining'inia wima. Hilo kila mtu analiona. Kulithibitisha ndiko kugumu, kwa sababu mlingano wake una sin ya pembe ndani yake, na msuguano ukiwepo hakuna fomula ya kawaida inayotaja pembe kwa kila wakati t. Huwezi kuandika suluhu halafu uitazame inakokwenda.

Njia ya kukwepa ukuta huo ilitolewa na Mrusi Aleksandr Lyapunov katika tasnifu yake ya 1892. Usitafute suluhu. Tafuta kiasi kimoja kinachofanana na nishati, kisha uthibitishe kwamba mfumo unapotembea kiasi hicho hakipandi kamwe. Nitaifuata njia hiyo kwa pendulamu hii moja tu, mwanzo hadi mwisho, na nitakaa zaidi pale ambapo nimeona wanafunzi wengi wakikwama: pale kiwango cha badiliko la nishati kinapokuwa sufuri mahali ambapo hukutarajia.

Hatua ya kwanza: andika mfumo kwa hali zake

Pembe iite x₁, ipimwe kutoka wima wa chini. Kasi ya pembe iite x₂. Mlingano wa mwendo, ukishagawanywa kwa ml² (masi mara urefu kipeo cha pili), unakuwa:

```
x₁' = x₂
x₂' = −a·sin(x₁) − b·x₂
```

Hapa a ni g/l, na b ni mgawo wa msuguano uliogawanywa kwa ml². Alama ya ' inamaanisha kiwango cha badiliko kwa wakati. Kwa pendulamu ya urefu wa mita 1, a ni 9.81. Kwa b nitachukua 0.5, msuguano mdogo unaoiacha ibembee mara nyingi kabla ya kutulia.

Sasa tafuta sehemu za msawazo, yaani hali ambazo mfumo ukiwekwa hapo hausogei. Weka pande zote mbili sawa na sufuri: x₂ = 0 na sin(x₁) = 0. Kwa hiyo pembe ni 0, au π, au −π, na kuendelea. Tunayoichunguza ni (0, 0), nukta iitwayo asili. Kama msawazo wako hauko kwenye asili, badilisha vigezo ili uhamie hapo kabla ya kuendelea, maana kila hukumu itakayofuata inadhani kwamba msawazo uko kwenye sufuri.

Ni vizuri pia kujua unathibitisha nini. Kuna madai mawili, na watu huyachanganya. La kwanza ni uthabiti: ukianza karibu vya kutosha na msawazo, utabaki karibu milele. La pili lina nguvu zaidi, ni uthabiti wa kurejea: si kwamba unabaki karibu tu, bali pia unaurudia msawazo wenyewe kadiri muda unavyokwenda. Pendulamu isiyo na msuguano ina la kwanza na haina la pili.

Hatua ya pili: chagua fanksheni

Fanksheni V inayotafutwa iwe sufuri kwenye msawazo na chanya kila mahali pengine katika eneo unalolishughulikia. Wengi huanza na umbo rahisi kuliko yote, x₁² + x₂². Hebu tulijaribu tuone linavyoanguka, kwa sababu anguko lenyewe linafundisha.

Kiwango cha badiliko la V hupatikana kwa kanuni ya mnyororo: badiliko la V kwa x₁ mara x₁', ongeza badiliko la V kwa x₂ mara x₂'. Kisha, na hapa ndipo siri yote ilipo, mahali pa x₁' na x₂' unaweka milinganyo ya mfumo wenyewe. Huhitaji suluhu yoyote.

```
V  = x₁² + x₂²
V' = 2·x₁·x₂ − 2a·x₂·sin(x₁) − 2b·x₂²
```

Neno la mwisho ni hasi, zuri. Mawili ya mwanzo hubadilika alama kulingana na pande za x₁ na x₂. Weka x₁ = 0.1 na x₂ = −0.01: V' inakuwa kama +0.0175. Kwa hiyo V inapanda hapo, na uthibitisho umekufa. Hiyo haimaanishi kwamba pendulamu si thabiti. Nadharia ya Lyapunov inasema kwamba ukipata V inayofaa, mfumo ni thabiti. Ukikosa, hujathibitisha lolote, si uthabiti wala kinyume chake. Nimesahihisha kazi nyingi zilizoandika "kwa hiyo mfumo si thabiti" baada ya jaribio moja kushindwa, na hilo ni kosa la mantiki kabla hata ya kuwa kosa la hisabati.

Tazama kilichobaki: x₁·x₂ na x₂·sin(x₁). Kama mahali pa x₁² tungekuwa na kitu ambacho badiliko lake kwa x₁ ni a·sin(x₁), maneno hayo yangefutana. Kitu hicho ni a(1 − cos x₁). Na ukiweka ½x₂² upande wa pili, umepata nishati halisi ya pendulamu iliyogawanywa kwa ml²: sehemu ya kwanza ni nishati ya kimo, ya pili ni nishati ya mwendo.

```
V = a(1 − cos x₁) + ½·x₂²
```

Ukaguzi wa uchanya usiuruke. Ni kweli V haiwi hasi kamwe, ila inarudi kuwa sufuri pia kwenye x₁ = 2π, ambapo pendulamu imezunguka duara zima. Kwa hiyo ni lazima utaje eneo: kwa |x₁| < 2π, V ni chanya popote isipokuwa kwenye asili.

Hatua ya tatu: kokotoa V' na uisome

```
V' = a·sin(x₁)·x₂ + x₂·(−a·sin(x₁) − b·x₂)
   = −b·x₂²
```

Maneno yenye sin yamefutana kama tulivyopanga, na kilichobaki ni msuguano peke yake. V' haiwi chanya popote. Je, hilo linatosha kwa dai la kwanza? Linatosha, na sababu yake ni fupi kiasi kwamba ni afadhali uielewe kuliko kukariri jina la nadharia.

Chora duara dogo kuizunguka asili. Juu ya duara hilo V ni chanya kila mahali, kwa hiyo ina thamani yake ya chini kabisa, iite m. Sasa anza mwendo ndani ya duara, karibu sana na asili, mahali ambapo V ni ndogo kuliko m. Ili kulivuka duara, mwendo ungelazimika kugusa mahali ambapo V ni m au zaidi. Lakini V haipandi. Basi duara halivukwi milele. Duara lilikuwa la ukubwa wowote ulioupenda, na huo ndio uthabiti.

Mahali pa kukwama: V' ni sufuri kwenye mstari mzima

Sasa dai la pili. Kwa kurejea kwenye msawazo, nadharia ya kawaida inataka V' iwe hasi kabisa kila mahali isipokuwa kwenye asili. Yetu si hivyo. −b·x₂² ni sufuri popote ambapo x₂ ni sufuri, hata kama x₁ ni radiani 2. Kwa lugha ya pendulamu: kila inapofika kilele cha mbembeo, kasi yake ni sufuri kwa nukta moja ya wakati, na hapo msuguano haupotezi kitu. Mwanafunzi anayeandika "V' ni hasi kwa hiyo inarejea" amekosea, ingawa hitimisho lake ni la kweli.

Kuna milango miwili ya kutokea.

Mlango wa kwanza ni kuuliza swali hili: je, mfumo unaweza kukaa kwenye mstari huo? Si kuupita, kukaa. Hoja hii ilitolewa na Barbashin na Krasovskii mwaka 1952, na Joseph LaSalle akaipanua mwaka 1960, ndiyo maana wengi wanaiita kanuni ya LaSalle. Iko hivi: ikiwa mwendo umefungiwa ndani ya eneo lenye mipaka ambalo hautoki, na V' si chanya humo, basi mwendo utaukaribia mkusanyiko wa njia zile ambazo zinaweza kuishi daima mahali V' ni sufuri.

Tuifanye. Tuseme x₂ ni sufuri kwa muda wote. Basi x₂' nayo ni sufuri. Mlingano wa pili unabaki 0 = −a·sin(x₁), kwa hiyo sin(x₁) = 0. Ndani ya |x₁| < π jibu ni x₁ = 0 peke yake. Popote pengine kwenye mstari, uvutano unaisukuma pendulamu itoke: kilele cha mbembeo hakikaliki. Kinachoweza kukaa ni asili tu, basi mwendo unarejea kwenye asili.

Sharti la "eneo lenye mipaka ambalo hautoki" lisiachwe hewani. Andika ni eneo gani. Kwetu ni eneo la hali zenye V ≤ c na |x₁| < π, kwa c yoyote iliyo ndogo kuliko 2a. Namba 2a inatoka wapi, nitaeleza hatua ya nne.

Kuna sharti jingine ambalo huumiza zaidi likisahauliwa: milinganyo isitaje wakati t waziwazi. Tazama mfumo huu, wenye msuguano unaokua bila kikomo:

```
x'' + (2 + e^t)·x' + x = 0
```

Chukua V = ½x² + ½x'². Utapata V' = −(2 + e^t)·x'², ambayo haiwi chanya kamwe. Hoja ya LaSalle ikitumiwa kizembe itasema x inakwenda sufuri. Lakini jaribu x = 1 + e^(−t). Ukiiweka kwenye mlingano inakubali: e^(−t), toa 2e^(−t), toa 1, ongeza 1, ongeza e^(−t), jumla ni sufuri. Na suluhu hiyo inakwenda 1. Msuguano unakuwa mzito upesi mno hadi unakigandisha kitu njiani kabla hakijafika. Kwa mifumo inayotaja t, usitumie mlango huu.

Mlango wa pili ni kubadilisha fanksheni yenyewe ili V' iwe hasi kabisa. Tatizo letu ni kwamba nishati haioni x₁ wakati x₂ ni sufuri. Dawa ni kuongeza neno linalochanganya x₁ na x₂, ili badiliko la x₂ litokanalo na uvutano lizae −x₁·sin(x₁). Anza na vigezo visivyojulikana:

```
W  = a(1 − cos x₁) + ½·(q·x₁² + 2p·x₁·x₂ + x₂²)

W' = −a·p·x₁·sin(x₁) + (q − b·p)·x₁·x₂ + (p − b)·x₂²
```

Sasa unasoma mahitaji moja kwa moja kutoka kwenye mstari wa W'. Neno la x₁·x₂ lina alama isiyotulia, liue: q = b·p. Neno la x₂² liwe hasi: p iwe ndogo kuliko b. Neno la kwanza liwe hasi: p iwe chanya, kwa kuwa x₁·sin(x₁) ni chanya kwa |x₁| < π, ukiondoa sufuri. Chagua p = b/2, katikati, nayo q inakuwa b²/2.

```
W  = a(1 − cos x₁) + ½·(x₂ + b·x₁/2)² + b²·x₁²/8
W' = −½·a·b·x₁·sin(x₁) − ½·b·x₂²
```

Nimeiandika W kama jumla ya vipeo vya pili makusudi, kwa sababu kwa umbo hilo uchanya wake unaonekana kwa jicho. W' ni hasi kila mahali ndani ya |x₁| < π isipokuwa kwenye asili. LaSalle hahitajiki tena. Pia umepata kitu ambacho mlango wa kwanza hautoi: kwa kuwa W' ina akiba ya uhasi pande zote za asili, unaweza kuuliza sukumo la nje la ukubwa gani linaweza kuongezwa kabla akiba hiyo haijaisha. Nishati ya kawaida haina jibu la swali hilo, maana kwenye kilele cha mbembeo akiba yake ni sufuri.

Mimi binafsi naanza na mlango wa kwanza kila mara mfumo hautaji t, kwa kuwa ni mistari mitatu. Wa pili nauendea nikihitaji kiasi cha ustahimilivu.

Hatua ya nne: sema ni kutoka wapi

Uthibitisho unaoishia na neno "karibu" haumsaidii mtu anayetaka kujua kama anaweza kuiachia pendulamu kutoka radiani 2. Fikiria V kama kimo cha ardhi na uchore kontua zake kama kwenye ramani. Asili ni bonde. Kontua ndogo ni vitanzi vilivyofungwa, na kwa kuwa V haipandi, anayeanza ndani ya kitanzi hatoki. Ukiongeza kimo, vitanzi vinapanuka hadi kimoja kinagusa tandiko la mlima kwenye x₁ = π, x₂ = 0, yaani pendulamu ikiwa imesimama kichwa chini. Kimo cha hapo ni a(1 − cos π) = 2a, kwetu 19.62. Zaidi ya hapo kontua hazifungi tena. Zinamwagikia bonde la jirani, na pendulamu yaweza kuzunguka duara zima.

Kosa la kawaida hapa ni kuona kwamba W' ni hasi kwa |x₁| < π, kisha kutangaza kwamba kila hali yenye |x₁| < π inarejea asili. Sivyo. Mwendo unaweza kutoka nje ya ukanda huo huku W ikishuka njia nzima. Kinachomfungia msafiri ni kontua iliyofungwa. Alama ya W' peke yake haimfungii.

Kwa hiyo kanuni ni V < 19.62. Hali ya radiani 2 ikisukumwa kwa kasi ya radiani 2.5 kwa sekunde ina V = 13.89 + 3.13, karibu 17.02: imo ndani. Ukiisukuma kutoka chini kabisa, kasi inayoruhusiwa ni chini ya mzizi wa 4a, kama radiani 6.26 kwa sekunde.

Kwa W, tafuta kimo cha chini kabisa kwenye ukingo x₁ = π. Sehemu ya katikati inakuwa sufuri x₂ ikiwa −bπ/2, na kinachobaki ni 2a + b²π²/8, kwetu karibu 19.93. Ukingo wa x₁ = −π unatoa namba hiyohiyo.

Maeneo hayo mawili hayafanani, wala hakuna linalomeza jingine. Chukua x₁ = 3 na x₂ = −0.8. Nishati yake ni 19.84, imezidi 19.62, hivyo V inanyamaza. Lakini W yake ni 19.80, chini ya 19.93, basi imethibitishwa kurejea. Sasa geuza: x₁ = 3 na x₂ = 0.3. Nishati ni 19.57, imo ndani. W ni 20.35, imo nje. Kila fanksheni inatoa kadirio la eneo salama, na unaruhusiwa kuyaunganisha yote mawili. Hali iliyo nje ya yote bado yaweza kurejea. Ni kwamba hizi mbili hazijaithibitisha.

Hatua ya tano: kagua hesabu yako kwa kompyuta

Alama moja ya kutoa ikipotea kwenye W', kila kitu kinaanguka, kwa hiyo mimi hukagua. Usiipe kompyuta fomula ya mwisho uliyoirahisisha. Ipe vipande ghafi, iunganishe yenyewe:

```python
import numpy as np

a, b = 9.81, 0.5
x1, x2 = np.meshgrid(np.linspace(-3.1, 3.1, 601),
                     np.linspace(-7, 7, 601))

W1 = a*np.sin(x1) + (b/2)*(x2 + b*x1/2) + b**2*x1/4
W2 = x2 + b*x1/2
badiliko = W1*x2 + W2*(-a*np.sin(x1) - b*x2)

nje = x1**2 + x2**2 > 1e-6
print(badiliko[nje].max())
```

`W1` na `W2` ni mabadiliko ya W kwa x₁ na kwa x₂. Kinachochapishwa ni thamani kubwa kuliko zote za W' nje ya asili, nayo ni kama −0.000136: ndogo, kwa kuwa inatoka kwenye nukta iliyo jirani kabisa na asili, ila hasi. Ukiona namba chanya kubwa, rudi kwenye kanuni ya mnyororo, umekosea alama. Ukiona namba chanya ya mfano wa 1e-17, hiyo ni makosa ya kukadiria desimali karibu na sufuri, na dawa yake ni kupanua kidogo duara ulilolitoa kuizunguka asili.

Programu hii inaweza kuuvunja uthibitisho mbovu, haiwezi kuutengeneza mzuri. Imepima nukta 361,201 na haijui lolote kuhusu nafasi zilizo kati yake. Kinachozijaza nafasi hizo ni ule mstari mmoja, −½ab·x₁·sin(x₁) − ½b·x₂², ambao alama yake inajulikana kwa kila x₁ na x₂ ndani ya ukanda.